Merge Shapes na Edit Points kwenye PowerPoint: maswali ya wanaochonga aikoni zao na kukata picha kwa umbo walitakalo

Nusu ya kazi yangu ni kuandaa slaidi za mafunzo ya afya na maji, na maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wenzangu kila tunapokaa pamoja na kompyuta. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ndiyo utakayoyatafuta.

## Merge Shapes iko wapi? Mbona kwangu siioni?

Iko kwenye kichupo cha Shape Format, upande wa kushoto kabisa, pembeni ya ile orodha ndogo ya maumbo. Kichupo hicho hakijitokezi mpaka ubofye umbo, na kitufe chenyewe hubaki kimefifia mpaka uchague vitu viwili au zaidi. Ukichagua picha na umbo kwa pamoja utaona vichupo viwili, Shape Format na Picture Format. Watu wengi huingia kwenye hicho cha pili, wakatafuta, wakakata tamaa. Ingia cha kwanza.

Kwenye toleo la 2010 amri zilizo ndani ya kitufe hiki, isipokuwa Fragment, zilikuwepo lakini zimefichwa, mpaka uziongeze mwenyewe kwenye utepe. Tangu toleo la 2013 ziko wazi, na ndipo zilipoanza kukubali picha na maandishi, si maumbo matupu tu. Word na Excel hazina kitu hiki. Mimi huchonga aikoni kwenye PowerPoint, nikainakili na kuibandika kwenye Word, na huko inabaki kuwa umbo unaloweza kulibadilisha rangi.

## Zile amri tano zinatofautianaje?

Chukua chapati mbili juu ya meza, moja imelalia nusu ya mwenzake.

Union inazifanya kuwa chapati moja kubwa yenye mzingo mmoja. Combine nayo inaziunganisha, lakini pale zilipolaliana panakuwa tundu. Intersect inatupa kila kitu isipokuwa kile kipande cha kulaliana. Subtract inaichukua chapati ya kwanza na kung'oa sehemu iliyofunikwa na ya pili, kisha hiyo ya pili inapotea kabisa. Fragment haitupi chochote: inakata kila mahali mistari inapokutana na kukuachia vipande vitatu vilivyotengana.

Aikoni nyingi huisha kwa Union na Subtract peke yake. Fragment ni ya pale unapokwama na hujui amri ipi itakupa unachotaka: kata vyote, futa vipande usivyovitaka, kisha Union kwa vilivyobaki. Si njia ya kifahari, lakini inafika.

## Nikibofya Subtract kinakatwa kile nilichotaka kibaki. Nakosea wapi?

Unakosea mpangilio wa kubofya. Kile ulichokibofya kwanza ndicho mwenye mali, vingine vyote ni visu. Kwa hiyo bofya umbo linalobaki, shikilia Shift, halafu bofya linalokata.

Sheria hiyohiyo inaamua sura ya matokeo. Ukiunganisha duara la kijani na mstatili wa machungwa kwa Union, umbo jipya linachukua rangi na mstari wa pembeni wa lile ulilolitangulia kubofya. Kwenye picha uzito wake ni mkubwa zaidi: ukianza na picha, kisha umbo, kisha Intersect, unapata picha yenye mkato wa lile umbo. Ukianza na umbo, unapata umbo lenye rangi yake, na picha imekwenda. Nadhani hili ndilo linalowafanya watu wengi waseme "kwangu haifanyi kazi".

Ndiyo maana usichague kwa kuburuta kipanya kuzungushia vitu vyote kwa mkupuo. Vitachaguliwa, ndiyo, ila hukuamua wewe kipi kitangulie.

## Naomba mfano mmoja wa aikoni, mwanzo mpaka mwisho.

Tuchonge ndoo ya kunawia mikono, ile yenye bomba ubavuni. Niliihitaji kwa slaidi za mafunzo ya usafi na kwenye Insert > Icons sikuiona. Kulikuwa na sinki, bomba la ukutani na chupa ya sabuni, lakini si ndoo iliyo nje ya kila mgahawa.

Anza na mwili. Chora Trapezoid yenye kimo cha sentimita 6 na upana wa 6. Umbo hilo huja na mdomo mwembamba na kitako kipana, kinyume cha ndoo, kwa hiyo ligeuze kwa Arrange > Rotate > Flip Vertical. Kisha shika kile kidoti cha njano na upunguze mwinamo, kwa sababu ndoo haiinami sana. Mwinamo ukizidi, umechora chungu cha maua.

Mfuniko ni mstatili wa pembe za mviringo, upana sentimita 6.8 na kimo 0.9. Uweke juu ya mwili, lakini usiuguse: acha pengo la sentimita 0.4. Union haihitaji vitu viwe vimegusana. Vitakuwa umbo moja lenye sehemu mbili, na lile pengo ndilo linalomwambia mtazamaji kwamba huu ni mfuniko.

Bomba ni mistatili mitatu. Mmoja wa kulala, 1.8 kwa 0.8, unatoka ubavuni kulia karibu na kitako. Wa pili wa kusimama, 0.8 kwa 1.4, unashuka kutoka mwisho wa ule wa kwanza. Wa tatu ni kishikio kidogo juu yake. Hapa sasa vitu lazima viingiliane. Ubavu wa ndoo umeinama, kwa hiyo ukigusisha mstatili ukingoni tu, juu patashika na chini patabaki upenyo wa kabari. Uingize ndani ya ndoo kama nusu sentimita. Sehemu iliyoingia itamezwa na Union, haitaonekana.

Bofya mwili kwanza, shikilia Shift, bofya mfuniko na vipande vyote vya bomba, kisha Merge Shapes > Union.

Linabaki tone. PowerPoint ina umbo liitwalo Teardrop, ila ncha yake inatazama juu kulia. Kwenye Format Shape > Size andika Rotation 315° na ncha itasimama wima. Weka tone katikati ya ndoo, likiwa na upana wa kama sentimita 2. Bofya ndoo, Shift, bofya tone, Subtract.

Tone lingine dogo liweke chini ya mdomo wa bomba, uliunganishe kwa Union. Hili nalo liache kama sentimita 0.4 chini ya bomba, la sivyo litaonekana ni kutu inayoning'inia.

## Kwa nini nisiweke tu tone jeupe juu ya ndoo?

Weka, kama slaidi yako itabaki nyeupe milele. Siku mwenzako akibadilisha mandhari kuwa ya bluu, au akaweka aikoni juu ya picha, tone litabaki jeupe kama kiraka. Tundu la Subtract ni tundu kweli, unaona ya nyuma yake. Kujua kama aikoni ya mtu imechongwa au imebandikwa viraka, isogeze juu ya picha yoyote yenye rangi nyingi. Viraka hujitokeza papo hapo.

## Aikoni yangu ni nzuri ikiwa kubwa, ikipunguzwa inakuwa doa. Kwa nini?

Sababu ni mbili, na mara nyingi huja pamoja.

Ya kwanza ni mapengo madogo. Ndoo yetu ina kimo cha sentimita 7.3 kuanzia kitako mpaka mfuniko. Ukiipunguza iwe sentimita 1.5 hivi, umeigawa kwa 5, na pengo la mfuniko la 0.4 limekuwa 0.08. Slaidi pana ya kawaida ina upana wa sentimita 33.867, na ikioneshwa kwenye skrini ya pikseli 1920 kila sentimita inapata pikseli kama 57. Pengo letu basi lina pikseli 4 au 5, linaonekana. Mara ya kwanza mimi niliacha pengo la 0.15. Lilikuwa linapendeza nikiwa nimekuza, lakini kwenye projekta halikufika hata pikseli 2, na ndoo ikawa kinu.

Ya pili ni mstari wa pembeni. Unene wa mstari unapimwa kwa pointi, na haupungui unapopunguza umbo. Mstari wa pointi 3 uliokuwa mwembamba kwenye ndoo kubwa unaweza kumeza bomba zima kwenye ndoo ndogo. Aikoni za kujazwa rangi ziwekee No Outline tangu mwanzo.

Kumbuka pia kwamba Merge Shapes haiujali unene wa mstari. Inakata kwa kufuata mzingo wenyewe wa umbo, kana kwamba mstari haupo. Kwa hiyo pete usiichore kwa duara lenye mstari mnene ukategemea itakatika vizuri. Chora duara kubwa, duara dogo katikati yake, kisha Subtract. Hali kadhalika, panapohitajika mstari wa kukatia, tumia mstatili mwembamba wa sentimita 0.2 au 0.3 badala ya mstari halisi, maana mstari hauna eneo la kukata.

## Baada ya Subtract kunabaki uzi mwembamba ukingoni. Unatoka wapi?

Unatoka kwenye kingo mbili ulizozilinganisha zikakaa sawasawa. Kwa jicho ziko mahali pamoja, kwa hesabu ya programu zimepishana kidogo sana, na tofauti hiyo ndiyo uzi unaouona. Umbo linalokata lirefushe lipite nje ya linalokatwa. Kinachozidi kinatupwa tu. Anayekata kitambaa haishii mkasi pale pale kitambaa kinapoishia.

## Edit Points ni ya nini, kama Merge Shapes inatosha?

Merge Shapes hukupa maumbo ya kijiometri: moja kwa moja, duara, pembe. Vitu halisi vina mikunjo, na hapo ndipo unashika nukta kwa mkono. Bofya umbo kwa kitufe cha kulia, chagua Edit Points, na mzingo utageuka mwekundu wenye nukta nyeusi. Ukibofya nukta, inatoa vishikio viwili vyenye miraba myeupe mwishoni. Kukivuta kishikio ndiko kunakopinda mzingo.

Turudi kwenye bomba letu. Kiwiko chake kina pembe kali, na bomba la kweli limepinda. Bofya mzingo kwa kitufe cha kulia kama nusu sentimita kabla ya pembe ya nje, chagua Add Point. Fanya hivyohivyo upande wa pili wa pembe. Sasa ifute nukta ya pembe yenyewe: shikilia Ctrl na uibofye. Kona itakuwa imekatwa mshazari. Bofya ule mshazari kwa kitufe cha kulia, chagua Curved Segment, kisha vuta vishikio mpaka upinde upendavyo.

Kuna aina tatu za nukta kwenye menyu hiyo, na inafaa kuzielewa mara moja. Smooth Point inafunga vishikio viwili kwenye mstari mmoja na urefu sawa, kwa hiyo mkunjo unapita bila kuonesha kiungo. Straight Point inaviacha kwenye mstari mmoja lakini kila kimoja na urefu wake. Corner Point inaviachia huru, kila kishikio kinakwenda kivyake, na hapo unapata ncha. Ukiona mzingo una kigoti mahali palipopaswa kuwa laini, nukta hiyo ni Corner. Igeuze iwe Smooth.

Kosa la wanaoanza ni kuongeza nukta. Mkunjo umekataa, wanaongeza nukta. Umekataa tena, wanaongeza nyingine, na mwisho mzingo una mawimbi kama bati. Duara zima la PowerPoint lina nukta 4 tu. Mkunjo ukikusumbua, punguza nukta kwanza, kisha vuta vishikio.

Jihadhari kitu kimoja: ukibofya nje ya umbo, Edit Points inajifunga, na mbofyo wako unaofuata unasogeza umbo zima. Likikutokea, Ctrl+Z, uingie upya.

## Nataka picha yenye ukingo wa wimbi, si mstatili. Crop to Shape inatosha?

Crop to Shape, iliyo ndani ya Picture Format > Crop, inakupa maumbo ya dukani tu: moyo, nyota, duara na wenzao. Tena umbo linavutwa lifuate uwiano wa picha, ndiyo maana duara la watu wengi hutoka kama yai. Hilo la yai linatibika kwa kuchagua Aspect Ratio 1:1 kwanza. Wimbi lako mwenyewe hulipati hapo.

Nitakuonesha kwa slaidi niliyoitengeneza: picha ya soko la samaki upande wa kushoto, maandishi kulia, na kati yao ukingo unaopinda kama maji. Slaidi ni ya sentimita 33.867 kwa 19.05. Picha ilikuwa ya uwiano wa 4:3, kwa hiyo ilipofikishwa kimo cha 19.05 upana wake ulikuwa 25.4. Niliisukuma mpaka ukingo wa kushoto na kuipeleka nyuma kwa Send to Back.

Kisha nikachagua Freeform: Shape kwenye orodha ya maumbo. Chombo hiki kina tabia mbili: ukibofya na kuachia kinatoa mstari ulionyooka, ukibofya huku unaburuta kinafuata mtetemo wa mkono wako. Usiburute. Punguza mwonekano wa slaidi uwe kama asilimia 50 ili uone nafasi ya nje, anza kubofya nje kabisa ya kona ya juu kushoto, nenda kulia mpaka kama sentimita 18, shuka kwa mibofyo mitatu ukiyumba kushoto na kulia kwa sentimita 2 hivi, toka nje chini, rudi kushoto, na ubofye ulipoanzia ili umbo lijifunge. Kupitiliza nje ya picha hakuna madhara, Intersect itachukua pale tu vinapolaliana.

Wakati huu wimbi lako ni meno ya msumeno. Lipe umbo uwazi wa asilimia 50 kwenye Fill > Transparency ili uione picha iliyo chini yake, ingia Edit Points, na zile nukta tatu za ubavuni zigeuze ziwe Smooth Point. Sasa vuta vishikio ukiangalia picha, si umbo. Kwenye ile yangu kulikuwa na mama aliyebeba beseni kichwani, na wimbi la kwanza lilikuwa linapita katikati ya beseni. Bila ule uwazi nisingeligundua hilo mpaka nimeshakata.

Kabla ya kukata, bonyeza Ctrl+D upate nakala ya umbo. Halafu: bofya picha, Shift, bofya umbo la asili, Merge Shapes > Intersect.

Ile nakala uipake rangi moja, iondolee uwazi, iweke pale pale lilipokuwa umbo la asili lakini imesogea kulia kwa sentimita 0.6, uipeleke nyuma ya picha. Unapata utepe wa rangi unaofuata wimbi sawasawa. Watu huniuliza nimeutengeneza kwa programu gani ya ghali.

## Nimeshakata picha, sasa nataka kurekebisha wimbi. Nafanyaje?

Kama una nakala ya umbo na picha nzima, rekebisha umbo na ukate upya. Kwa kazi unayojua itabadilika, usitumie Intersect kabisa. Nakili picha kwa Ctrl+C, chagua umbo lako la Freeform, fungua Format Shape > Fill > Picture or texture fill, bofya Clipboard. Picha inaingia ndani ya umbo kama rangi. Kwa njia hii Edit Points inaendelea kufanya kazi siku yoyote, na picha inafuata mzingo.

Tatizo lake ni kwamba picha inavutwa ijaze umbo, hivyo nyuso za watu zinanenepa au kurefuka. Ukiwa umelichagua umbo, nenda Picture Format > Crop > Fill. Picha inarudi kwenye uwiano wake, na unaweza kuiburuta ndani ya umbo mpaka ikae unapotaka.

## Naweza kukata picha moja ionekane kama imepita nyuma ya madirisha matano?

Ndiyo. Chora mistatili mitano ya kimo tofauti, iache na mapengo kati yake, na uiunganishe yote kwa Union. Ni umbo moja sasa. Picha kwanza, umbo baadaye, Intersect. Ukitaka kila dirisha liwe kitu cha kujitegemea ili ulipe mwendo wake kwenye uhuishaji, usiiunganishe: chagua picha, kisha mistatili yote, Fragment, na ufute mabaki ya katikati.

## Merge Shapes imefifia ingawa nimechagua vitu viwili.

Angalia kama kimojawapo ni kundi. Makundi hayakubaliki, yafungue kwa Ctrl+Shift+G. Chati, jedwali na SmartArt navyo havikubaliki. Mtego mwingine ni aikoni za Insert > Icons, ambazo zinafanana na maumbo ila ni faili za SVG. Zichague, nenda Graphics Format > Convert to Shape, uzifungue kutoka kwenye kundi, na kuanzia hapo zinakatika kama chochote kingine.

Njia hii ni nzuri pia kwa mvivu wa halali: chukua aikoni ya bomba iliyopo, igeuze umbo, ikate shingo kwa Subtract, ipachike kwenye ndoo yako.

## Maandishi je, yanakatika?

Yanakatika. Andika neno kwenye kisanduku cha maandishi, weka mstatili unaolifunika lote, bofya maandishi kwanza kisha mstatili, Intersect. Herufi zinakuwa maumbo, na Edit Points inazifungua. Faida yake ni kwamba hazitegemei tena fonti iliyoko kwenye kompyuta ya ukumbini. Hasara ni kwamba kosa la herufi limegandia humo. Soma mara mbili kabla ya kukata.

## Picha yangu iliyokatwa ina ukungu. Ni Merge Shapes imeiharibu?

Mara chache sana. Kwa kawaida picha ilikuja imebanwa. Eneo la sentimita 20 kwa 19 kwenye skrini ya 1920 linahitaji picha ya pikseli kama 1130 kwa 1080, na hiyo ni sehemu iliyobaki baada ya kukata, si picha nzima. Picha ya WhatsApp uliyoikuza ili uso mmoja ujaze nusu ya slaidi haitafika hapo. Mwombe mtu aitume kama faili, kupitia Document. Upande wako, fungua File > Options > Advanced na uweke alama kwenye Do not compress images in file kabla hujahifadhi.

## Nikishaunganisha maumbo, naweza kuyatenganisha tena?

Kwa Ctrl+Z, mradi hujafunga faili. Ukishafunga, basi. Hakuna amri ya kurudisha.

Niliwahi kuchonga aikoni 12 za mafunzo, nikaunganisha zote, nikahifadhi, nikalala. Asubuhi mteja akasema bomba lihamie kushoto, kwa sababu kwenye vituo vyao lipo kushoto. Ningeweza kuipindua ndoo nzima kwa Flip Horizontal, lakini nilikuwa nimeshachonga jina la mradi ubavuni kwa herufi, na herufi zilizopinduliwa hazisomeki. Nikaanza upya.

Tangu hapo kila faili yangu ina slaidi ya mwisho niliyoiita karakana. Kabla ya kila Union au Subtract naweka humo nakala ya vipande vikiwa bado vimetengana. Slaidi hiyo naificha kwa Hide Slide, na naifuta kwenye nakala ninayomkabidhi mteja, maana kufichwa si kuondolewa.

## Sehemu ya picha niliyoikata, imetoka kweli kwenye faili?

Usiitegemee. Kukata kwa Crop huficha tu, na yeyote mwenye faili anaweza kuivuta irudi. Kuna Compress Pictures yenye chaguo la Delete cropped areas of pictures, lakini kama umemkata mtu ambaye sura yake haipaswi kuonekana, mgonjwa au mtoto kwa mfano, fanya hivi: bofya picha iliyokatwa kwa kitufe cha kulia, Save as Picture, chagua PNG, futa ile ya kwenye slaidi na uingize hii mpya. PNG inahifadhi uwazi wa pembeni, kwa hiyo wimbi lako linabaki wimbi. Ile picha nzima iliyoko karakana nayo ifute.

## Natumia LibreOffice. Haya yote yananihusu?

Misingi inakuhusu, mpangilio haukuhusu. Kwenye LibreOffice Draw utapata Merge, Subtract na Intersect kwenye menyu ya Shape, na nukta zinafunguliwa kwa F8. Ila huko haijalishi ulibofya nini kwanza. Kinachobaki ni kile kilicho chini kabisa, na vilivyo juu yake ndivyo visu. Kwa hiyo tone liweke juu ya ndoo. Ukilipeleka nyuma, ndoo ndiyo itakayolikata tone, na utabaki na ukurasa mtupu.